Kaya 600, Mvua na Flashi Moja: Vidokezo 7 vya Kupanga Utunzaji wa Data za Dodoso

Fedha za utafiti zimetoka, kibali unacho mkononi, vishikwambi vimechajiwa hadi asilimia mia. Halafu mfadhili anaandika: tuletee mpango wa usimamizi wa data. Usikune kichwa! Huo ni waraka wa kurasa mbili au tatu unaojibu maswali manne tu: data zitakaa wapi, nakala zake ziko wapi, nani atazifungua, na zitatunzwa mpaka lini. Unaweza kumaliza rasimu ya kwanza kabla chai haijapoa.

Ili tusielee hewani, twende na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tuseme unakwenda kuhoji kaya 600 za wavuvi na wakulima wilayani Pangani. Una wadadisi 8, kila mmoja kaya 5 kwa siku, kwa hiyo siku 15 za kazi. Dodoso liko KoboToolbox, na kila kishikwambi kina KoboCollect. Unauliza kipato, ugonjwa na madeni. Unachukua alama ya GPS ya nyumba, picha moja ya chombo au shamba, na namba ya simu, kwa sababu utarudi baada ya miezi 6. Kaya 60 kati ya hizo utazirekodi sauti, dakika 40 hivi kila moja.

1. Piga hesabu ya mzigo kabla ya kununua gunia

Watu wengi huandika "tutahitaji hifadhi kubwa" na kuishia hapo. Chukua kalamu! Majibu ya dodoso ni maandishi tu: hata ukikadiria kilobaiti 30 kwa kaya, kaya zote 600 hazifiki megabaiti 20. Picha 600 za megabaiti 2 ni gigabaiti 1.2. Sauti ya dakika 40, ikirekodiwa kwa ubora wa kawaida wa mazungumzo, ni kama megabaiti 20. Mara 60, gigabaiti 1.2 nyingine. Jumla haifiki gigabaiti 2.5.

Umeona? Utafiti wako mzima unaingia kwenye flashi ya duka la simu. Hapo ndipo unapogundua kwamba nafasi haikuwa tatizo lako hata kidogo. Kitu kidogo kiasi hicho hunakiliwa kwa dakika tatu, na hupotea au kuvuja kwa dakika hizo hizo tatu. Andika hesabu hii kwenye aya ya kwanza ya mpango, kisha nguvu zako zote zipeleke kwenye nakala na ufunguo.

2. Hesabu ya jioni: daftari, kishikwambi, seva

Data nyingi hupotea kijijini, kabla hazijafika ofisini. Mdadisi amemaliza mahojiano, betri iko asilimia 4, wingu limetanda, anahifadhi fomu kama rasimu ili "aimalizie usiku." Rasimu haitumwi. Itakaa ndani ya kile kishikwambi mpaka siku kinaporudishwa stoo na kufutwa kwa ajili ya mradi mwingine.

Dawa yake ni ndogo na haigharimu shilingi. Kila jioni msimamizi alinganishe namba tatu: kaya ambazo mdadisi ameziandika kwenye daftari lake, fomu zilizotumwa kutoka kwenye kishikwambi, na fomu zinazoonekana kwenye seva chini ya jina lake. 5, 5, 5: lala usingizi. 5, 4, 4: kuna rasimu moja, itafutwe leo hii, wakati mdadisi bado anamkumbuka mhojiwa. 5, 5, 4: imetumwa ikaishia njiani, au mtandao ulikatika kabla picha haijapanda.

Na angalia sana ule mpangilio wa KoboCollect unaofuta fomu mara tu inapotumwa. Unapendeza, maana kishikwambi kikiibwa hakuna siri ndani yake. Lakini siku za mwanzo uzime, mpaka uhakikishe seva inapokea picha na sauti zote. Hapo ndipo uuwashe. Wakati huo huo kila kishikwambi kiwe na namba ya siri, na hifadhi yake iwe imefungwa kwa usimbaji fiche.

Jambo jingine linalowakamata hata wazoefu: ukipakua faili la CSV kutoka KoboToolbox, picha na sauti haziji nalo. Ndani ya CSV kuna majina ya mafaili tu. Picha na sauti hupakuliwa peke yake, kama faili la ZIP. Kuna watu wamefunga akaunti wakiamini wana kila kitu, kumbe walichokuwa nacho ni orodha ya majina ya picha 600.

3. Faili ghafi ni kama mbegu: haliliwi

Faili la kwanza kabisa unalopakua lisiguswe na mtu. Si kusahihisha tahajia, si kupanga mistari, na zaidi ya yote, si kulifungua kwa kubofya mara mbili likaingia Excel kisha ukabonyeza kuhifadhi. Excel ina tabia ya kudhani inajua unachotaka. Kaya namba 0307 inakuwa 307. Namba ya simu inayoanza na 0 inapoteza sifuri yake. Namba ya tarakimu 12 inayoanza na 255 inaonekana kama 2.55754E+11, na ukihifadhi kama CSV katika hali hiyo, tarakimu za mwisho zimekwenda na hazirudi. Tarehe 03/04 kwa kompyuta moja ni Aprili 3, kwa nyingine ni Machi 4.

Kwa hiyo tengeneza folda nne, mapema, kabla ya mdadisi wa kwanza kupanda gari:

```
01_ghafi
02_safi
03_uchambuzi
04_nyaraka
```

Faili ghafi linaingia la kwanza, linapewa tarehe kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku, na linawekwa hali ya kusomwa tu. Kusafisha kote hufanyika kwa programu ya uchambuzi inayosoma kutoka 01 na kuandika kwenye 02, ili kila sahihisho liwe na maandishi yake. Ukitaka kuiona data kwa Excel, ingiza faili kupitia menyu ya data na uziambie safu za namba za kaya na simu kwamba ni maandishi.

Kisha lichukulie faili alama ya kidole. Kwenye Windows ni amri moja:

```
certutil -hashfile kaya_2025-06-14_ghafi.csv SHA256
```

Utapata msururu wa herufi na tarakimu 64. Unakili kwenye 04_nyaraka. Mwaka ujao mtu akikuuliza kama faili ni lile lile, rudia amri. Herufi moja tu ikibadilika ndani ya faili, msururu wote unakuja tofauti. (Kwenye Linux amri ni `sha256sum`.)

4. Folda inayojilandanisha si nakala ya akiba

Hapa nipe dakika zako mbili za ziada, maana hapa ndipo nilipoumizwa.

Katika mradi mmoja nilioufanyia kazi, tulikuwa watu wanne na folda moja ya mtandaoni iliyojilandanisha kwenye kompyuta zetu zote. Tulijiona tuna nakala nne. Siku moja mmoja wetu alitaka kuona umri kuanzia mdogo hadi mkubwa. Alichagua safu ya umri peke yake, akapanga, akahifadhi. Umri ulijipanga, majina, jinsia na majibu mengine yakabaki palepale. Kila mhojiwa akapewa umri wa mtu mwingine. Ndani ya dakika moja folda ikafanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa: ikapeleka kosa lile kwenye kompyuta zote nne.

Tuligundua baada ya majuma matano, tulipoona jedwali lenye watoto wa miaka 6 wanaomiliki mitumbwi. Huduma ile ilikuwa inatunza matoleo ya zamani ya faili kwa siku 30 tu. Tulirudi kwenye vishikwambi, tukakuta vimeshafutwa. Kilichotuokoa ni diski ya nje ambayo dereva wetu, siyo mtafiti, alikuwa ameachiwa kwenye kabati ili isilowe mvua. Ilikuwa na faili la siku ya mwisho ya ukusanyaji.

Ile diski ya kabatini ndiyo nakala ya akiba. Folda inayojilandanisha ni dawati la pamoja: linakulinda kompyuta ikiibwa, halikulindi na mkono wa mwenzako.

Sasa kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, ambayo watunza data duniani kote wameichukua: 3-2-1. Nakala 3, kwenye aina 2 za vyombo, na 1 kati ya hizo ikae jengo jingine. Kwa Pangani yetu inakuwa hivi. Nakala ya kwanza ni kwenye kompyuta ya kazi. Ya pili ni diski ya nje, inayochomekwa jioni kwa ajili ya kunakili tu, kisha inachomolewa. Kuchomoa ni sehemu ya dawa, maana kirusi kinachofunga mafaili kwa kudai fidia hufunga kila kilichochomekwa. Ya tatu ni hifadhi ya mtandaoni ya taasisi yako, mbali na gesti mnayolala, ikipokea faili lililokwisha kufungwa kwa nenosiri. Seva ya KoboToolbox usiihesabu kati ya hizo tatu: mtu mwenye ruhusa ya kufuta mradi akibonyeza kitufe, majibu yote yanaondoka na mradi.

Diski na flashi zifunge kwa VeraCrypt, ambayo ni bure. Gari la Tanga likiondoka na begi lako, umepoteza diski. Majibu ya watu hayajaangukia mikononi mwa mtu.

Na sasa jambo dogo ambalo karibu hakuna anayelifanya. Ijumaa moja kila mwezi, chukua nakala ya akiba, ifungue kwenye kompyuta nyingine kabisa, hesabu mistari, linganisha ile alama ya kidole. Dakika 10! Diski yenye kutu, nenosiri lililosahauliwa, faili lenye baiti sifuri: vyote hivi hujionyesha siku ya kujaribu kurejesha, na ni heri siku hiyo uichague mwenyewe. Andika kwenye mpango: nani anajaribu, lini, na anatia saini wapi.

5. Jina huku, jibu kule

Mama wa kijiji cha Kipumbwi amekwambia ana deni kwa jirani na kwamba anatumia dawa fulani kila siku. Alikwambia wewe. Jina lake na majibu yake visilale kitanda kimoja.

Njia yenyewe ni rahisi. Kila kaya ipe namba ya bahati nasibu, tuseme 4821. Usiiunde kutokana na jina la kijiji, herufi za jina au tarakimu za simu, kwa sababu namba ya namna hiyo inajitegua yenyewe. Kisha tengeneza faili dogo, tuliite ufunguo, lenye safu nne tu: namba, jina, simu, alama ya GPS. Hilo likae peke yake, limefungwa kwa nenosiri lake, nje ya zile folda nne. Faili la uchambuzi libaki na 4821 na majibu. Kwa ziara ya miezi 6 utafungua ufunguo, utachapa orodha ya kwenda nayo kijijini, utaufunga tena.

Je, sasa data hazina majina, tumemaliza? Bado. Chukua mstari huu: mwanamke, miaka 41, mwalimu, ana mapacha, kijiji fulani chenye kaya 12 kwenye sampuli. Mwanakijiji yeyote atakutajia jina kabla hujamaliza kusoma. Ujanja wa haraka ni kutengeneza jedwali la kijiji kwa kazi kwa kundi la umri, na kutazama vyumba vyake. Penye watu chini ya 5, unganisha: kijiji kiwe kata, miaka 41 iwe 40 hadi 49, mwalimu awe mwajiriwa wa kipato cha mwezi. Rudia mpaka vyumba vidogo viishe. Utapoteza undani kidogo, na undani huo utabaki kwenye faili ghafi kwa ajili yako mwenyewe.

GPS nayo ina siri yake. Nyuzi zenye desimali 4 zinamfikisha mtu mita 11 hivi kutoka mlangoni. Desimali 2 ni kama kilomita 1.1. Mjini inatosha kuficha. Kwenye shamba lenye nyumba moja kila kilomita mbili haifichi kitu. Tafiti za DHS za idadi ya watu na afya huisogeza alama ya eneo zima kwa bahati nasibu, hadi kilomita 2 mjini na hadi 5 vijijini, na sehemu ndogo ya maeneo ya vijijini, asilimia 1, hadi 10. Unaweza kuazima kanuni hiyo kwa faili utakalowapa wengine.

Sauti ni ngumu zaidi. Sauti ya mtu ni jina lake. Zile rekodi 60 ziwekwe pamoja na ufunguo, na kinachotoka nje kiwe maandishi yaliyoondolewa majina ya watu na mahali.

Hapa sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti. Kama mshirika wako yuko Ulaya na anataka "faili zima," jibu lake liwe kwenye mpango tangu siku ya kwanza: anapata lisilo na ufunguo, kwa mkataba ulioandikwa.

6. Chora jedwali la nani anafungua nini

Hili halihitaji hotuba. Safu tatu: cheo, faili, mpaka lini. Mdadisi: kutuma fomu tu, na kuona zake mwenyewe, mpaka siku ya 15. Msimamizi: kuona na kusahihisha, mpaka usafishaji uishe. Mchambuzi: folda ya 02, bila ufunguo. Ufunguo: watu wawili, si mmoja, maana mmoja huugua. Nenosiri la ufunguo liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa, likae kwenye sefu ya ofisi. Mtu akiondoka, ruhusa yake iondoke siku hiyo hiyo.

Na lile kundi la WhatsApp la wadadisi? Litumike kwa magari, chakula na mvua. Anayetaka kuuliza kuhusu kaya ataje 4821. Picha ya fomu ikirushwa mle, imeshaingia kwenye simu tisa na nakala zake za mtandaoni, na hakuna jedwali litakaloirudisha.

7. Miaka 5, lakini tangu lini?

Karibu kila mpango una sentensi "data zitatunzwa kwa miaka 5." Tangu mahojiano ya kwanza? Tangu mradi ufungwe? Tangu makala ichapishwe? Tofauti inaweza kuwa miaka 4. Chagua siku moja na uiandike.

Halafu gawa, kwa sababu si kila kitu kina umri sawa. Kwa Pangani ningeandika hivi: simu na majina vinafutwa miezi 3 baada ya ziara ya pili kukamilika, maana kazi yao imekwisha. Sauti zinafutwa maandishi yake yakishahakikiwa. Fomu za ridhaa zilizotiwa saini zinakaa kabati la peke yake, kwa muda ambao kamati ya maadili imeuagiza. Faili lisilotambulisha mtu linawekwa kwenye hazina ya data ya chuo au hazina ya wazi kama Zenodo, pamoja na dodoso na maelezo ya kila safu, na linakaa bila kikomo.

Lakini ngoja: je, ulichomsomea mhojiwa kinakubaliana na hayo? Fomu nyingi za ridhaa zinasema "taarifa zako zote zitaharibiwa baada ya miaka 5." Ukishasema hivyo, huna ruhusa ya kuziweka hazina, hata zikiwa hazina majina. Badilisha kabla fomu haijaenda kwenye kamati: "Jina na namba yako ya simu vitafutwa baada ya ziara ya pili. Majibu yako, yakiwa hayana kitu cha kukutambulisha, yatahifadhiwa na yanaweza kutumiwa na watafiti wengine." Sentensi mbili, na mhojiwa anajua anachokubali.

Mtego wa mwisho ni wa kiofisi. Folda ya mtandaoni iliyofunguliwa kwa barua pepe ya mtafiti wa mkataba inaweza kufa siku akaunti yake inapofungwa. Folda imilikiwe na ofisi. Na kazi ya kufuta ipewe cheo, si mtu, kisha iwekwe kwenye kalenda ya idara.

Siku ikifika, kumbuka kwamba kufuta kwenye flashi na diski za kisasa huacha mabaki. Ndiyo maana tulizifunga kwa VeraCrypt mapema: nenosiri likiharibiwa, mabaki hayo hayasomeki. Kwa hiyo ile bahasha ya kwenye sefu inachanwa pia, diski zinafomatiwa, toleo la mtandaoni linatolewa hata kwenye pipa lake la taka. Halafu chapa karatasi moja: majina ya mafaili, tarehe, nakala zilikokuwa, saini ya aliyefuta na ya aliyeshuhudia. Itie kwenye jalada la mradi, nyuma ya kibali.